Kuandika maoni ya kitabibu kwa mwomba hifadhi aliyeteswa: dalili za kiakili zinawiana vipi na anayoyasimulia?

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na daktari mwenzangu aliyekuwa akiandaa ripoti yake ya kwanza ya namna hii. Mahojiano aliyamudu vizuri, akakwama kwenye maoni. Kwa hiyo hatua za mwanzo nitazipita haraka.

Hatua ya 1: Soma jalada. Soma maelezo yote aliyokwisha kutoa na sababu za kukataliwa kama zipo, kisha orodhesha katika ripoti kila ulichosoma.

Hatua ya 2: Mahojiano. Mkalimani awe wa kazi hiyo, asiwe ndugu wala jirani. Mimi huanza na hali ya sasa, yaani usingizi, woga na mambo anayoyakwepa, kabla ya kuuliza habari za kizuizini. Hivyo dalili zinasemwa zenyewe, bila kuvutwa na kisa. Uliza "kisha ikawaje?", usiulize "walikufunika uso?" Hojaji ziache mwisho. PCL-5, hojaji ya dalili za kiwewe, ina maswali 20 na alama hadi 80, lakini alama 58 haisemi kilichosababisha dalili hizo, na ripoti inayoegemea namba hiyo hubomolewa kirahisi.

Hatua ya 3: Hali ya akili. Andika ulichokiona kwa macho yako, ukikitenganisha na ulichoambiwa.

Hatua ya 4: Maoni. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa, inatoa ngazi tano: dalili haiwiani na kisa; inawiana, ila sababu nyingine ni nyingi; inawiana sana, na sababu nyingine ni chache; ndiyo inayoonekana kwa kawaida baada ya tukio la aina hiyo; au haiwezi kuwa na chanzo kingine chochote. Ngazi ya mwisho mimi siitumii kwa dalili za kiakili, kwa sababu karibu kila moja huweza kuletwa na jambo jingine.

Chukua kisa hiki, nilichokitunga kutokana na mambo yanayojirudia. Mwanamume anasema alivikwa mfuko wa plastiki kichwani hadi akazimia, mara kadhaa. Baadaye alivuka bahari kwa mtumbwi, na wenzake wakafa maji. Sasa halali vizuri, ana huzuni, hawezi kuvaa fulana inayopitia kichwani, na huota anakosa pumzi akiwa amefungwa mikono kitini.

Usimpe ngazi moja kwa mkupuo. Chambua dalili moja moja. Kukosa usingizi na huzuni kunawiana na kisa, basi. Safari, msiba na kusubiri uamuzi navyo vinatosha kuvileta. Ndoto ya kukosa pumzi ingeweza kuwa ya baharini, ila ndani yake mna kiti na kamba, hamna maji. Muulize pia ilianza lini. Akisema ilianza kabla ya safari, liandike hilo. Kukwepa nguo inayofunika uso kunaingia moja kwa moja kwenye mateso yenyewe.

Kisha andika hivi: "Ndoto na ukwepaji huu vinawiana sana na kuzibwa pumzi kwa mfuko. Nimezingatia safari ya baharini. Inaweza kueleza sehemu ya huzuni na kukosa usingizi, lakini haielezi maudhui ya ndoto wala woga wa kufunikwa uso." Mwisho toa tathmini ya jumla, kwani picha nzima ina uzito kuliko dalili moja.

Jihadhari na mzunguko: "ana kiwewe kwa sababu aliteswa, na aliteswa kwa sababu ana kiwewe." Utautambua ukifuta simulizi na kubaki na utambuzi wa ugonjwa peke yake. Kama maoni yako yamebaki bila mguu, rudi kwenye ulichokiona: alivyoduwaa alipofika kwenye mfuko, alivyosimulia kwa sauti kavu kisha akatetemeka.

Usiandike "anasema kweli". Hilo ni la anayeamua. Lakini uwezekano wa kubuni lazima uujadili. Anayekana dalili ulizomtajia, na kusema mambo fulani yamepungua, hafanani na mtu anayekubali kila kitu. Tarehe zikigongana, eleza kitabibu: kuzimia, kipigo cha kichwa na kiwewe huvuruga mpangilio wa kumbukumbu. Hata hivyo usivitumie kufunika kila mgongano. Usioweza kuueleza, sema huwezi.

Asipokuwa na ugonjwa wowote, andika wazi kwamba hilo halikanushi mateso, kwa kuwa wengi walioteswa hawafikii vigezo vya utambuzi.

Hatua ya 5: Kumsomea. Msomee sehemu ya historia kupitia mkalimani kabla ya kutia sahihi. Akirekebisha jambo, andika kwamba amelirekebisha na lini, usilibadilishe kimyakimya. Maoni yako hayaguswi na yeye wala wakili wake.