Kagua kipeperushi chako cha A5 kabla hakijaenda kuchapwa

Tuchukue kipeperushi cha A5, milimita 148 kwa 210, chenye picha iliyojaa ukurasa mzima na maandishi juu yake.

Hatua ya 1: vipimo na kingo

Karatasi hukatwa zikiwa rundo, na kisu hakitui palepale kila mara. Kikisogea nusu milimita tu, pembeni hubaki mstari mweupe. Kwa hiyo picha ya nyuma ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, ndiyo blidi, na ukurasa wote uwe 154 kwa 216. Vuta picha ya nyuma peke yake. Ukikuza kazi nzima, maandishi nayo yatasogea kuelekea kisu. Namba ya simu na nembo zikae angalau milimita 5 ndani ya mstari huo. Fremu nyembamba ya kuzunguka ukurasa mimi huwashauri wateja waiache, kwa sababu hata kisu kikikosea kidogo sana, upande mmoja utaonekana mnene kuliko mwingine.

Hatua ya 2: picha

Lenga pikseli 300 kwa inchi, kwa ukubwa utakaochapwa. Milimita 154 ni kama inchi 6.06, hivyo picha yetu inahitaji upana wa pikseli 1,820 hivi. Iliyobanwa ilipotumwa kwa simu ikabaki na 1,080 itatoa kama 178 tu kwa inchi: kwenye simu inang'aa, kwenye karatasi nywele na kope zinavurugika. Kuikuza kwenye programu hakurudishi kilichopotea. Omba faili la awali kutoka kwa aliyepiga.

Hatua ya 3: rangi

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Kioo cha simu au kompyuta hutoa mwanga (RGB), karatasi huakisi tu mwanga kupitia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi (CMYK). Kijani kile kinachowaka kwenye kioo hakipatikani kwa wino huo, kitafifia. Bluu kali nayo hugeuka zambarau kiasi cha majenta kikikaribia kile cha samawati, kwa hiyo acha pengo kati yake la asilimia 30 au zaidi: samawati 100, majenta 65, kwa mfano. Badilisha faili liwe CMYK mapema, ukitumia profaili ya rangi atakayokupa mchapaji, ili uyaone mabadiliko hayo ungali na nafasi ya kurekebisha.

Kisha angalia weusi wa maandishi. Mweusi wa RGB ukibadilishwa huwa mchanganyiko wa wino zote nne, na sahani za kuchapia zikipishana kidogo, herufi ndogo hupata kivuli cha rangi. Fungua PDF kwenye Acrobat Pro, nenda `Output Preview`, uondoe tiki kwenye `Process Black`. Maandishi meusi yanapaswa kutoweka kabisa, au kuacha nafasi nyeupe tupu juu ya picha. Yakibaki na rangi, hata kahawia hafifu, rudi kwenye faili uyape mweusi 100 na nyingine sifuri, kisha utoe PDF upya.