SOMO: Age of Empires II ya mwaka 1999 kwenye Windows 10 na 11, bila majani mekundu

Ukifungua gemu hili ukakuta majani mekundu na maji ya zambarau, kadi yako ya picha ni nzima. Gemu linachora kwa rangi 256 tu: kila nukta ni namba kutoka 0 hadi 255, na jedwali moja ndilo linalosema namba ipi ni rangi ipi. Explorer ya Windows inaingilia jedwali hilo, kwa hiyo namba zinabaki zilezile lakini rangi zinavurugika.

Anza na njia nyepesi. Bofya kulia `empires2.exe`, ingia Properties, kisha Compatibility, chagua Windows XP (Service Pack 3), halafu uweke tiki Reduced color mode. Kwa baadhi ya mashine hiyo inatosha. Isipotosha, ondoa tiki zote kabla ya kuendelea, maana mipangilio hiyo inaweza kugongana na hatua inayofuata.

Sasa pakua cnc-ddraw kutoka ukurasa wake wa GitHub. Kopi `ddraw.dll` na `ddraw.ini` uziweke kando ya faili la exe. Gemu likiita ddraw, Windows hutafuta kwanza ndani ya folda ya gemu lenyewe, hivyo italikuta hili jipya. Hili linapokea maagizo ya zamani ya DirectDraw na kuyafikisha kwa kadi ya kisasa, huku jedwali la rangi likitunzwa mahali ambapo Explorer haifiki.

Fungua `ddraw.ini` kwa Notepad, tafuta mistari hii uiweke hivi:

```
windowed=true
fullscreen=true
maintas=true
```

Miwili ya kwanza, ikiwa pamoja, inajaza kioo chote lakini bado unaweza kuhamia programu nyingine bila gemu kukwama. Wa tatu unazuia picha kuvutwa, wanakijiji wasinenepe.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimefuata yote, The Conquerors bado ina rangi mbovu.*
Exe yake iko ndani ya folda ndogo `age2_x1`. Weka mafaili yale mawili humo pia. Kisha fungua gemu: rangi zikiwa sawa, cnc-ddraw imeshika.

*Vipi Vice City, ndugu?*
Hiyo inatumia Direct3D 8, siyo DirectDraw, kwa hiyo cnc-ddraw haiigusi. Jaribu dgVoodoo 2: chukua `D3D8.dll` kutoka `MS\x86`. Usichukue ya x64 hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu gemu lenyewe ni la biti 32.

*Gemu langu lina CD halali lakini halifunguki kabisa, hata picha sijaiona.*
Huenda CD ina kinga ya SafeDisc. Windows 10 haina tena dreva yake, `secdrv.sys`, na hapo mafaili kama `ddraw.dll` hayasaidii. Tafuta toleo la gemu hilo linalouzwa bila kinga hiyo.