SOMO: Adapta ya 12V inawaka bila mzigo, ukiweka mzigo inalia "ti ti ti". Tafuta pengo kwenye transfoma

Wiki hii watu watatu wameniuliza hili, na mwezi uliopita wawili. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namwelekeza hapa.

Kwanza jambo ambalo wengi wanalikosea. Transfoma ya adapta ya king'amuzi si transfoma ya kawaida inayopokea huku na kutoa kule kwa wakati mmoja. Mosfeti ikifungua njia, mkondo unapanda kwenye praimari huku daiodi ya sekondari imezuia, kwa hiyo upande wa pili haupati kitu. Nguvu inawekwa akiba ndani ya kiini cha feraiti, hasa kwenye pengo dogo la hewa lililoachwa kati ya nusu zake mbili. Mosfeti ikikata, voti zinageuka, daiodi inafunguka, na ile akiba inamwagikia kwenye kapasita ya 12V. Kisha mzunguko unaanza upya. Hiyo ndiyo flaibeki. Kila kinachotoka kilikaa kwanza kwenye kiini, na kiini kikishindwa kubeba, hakuna kinachotoka.

Mfano ni adapta iliyoko mezani kwangu hapa Mikindani: 12V, 1A. Umeme wa 230V ukinyooshwa unakuwa kama 325V. Chipu inapiga mara 65,000 kwa sekunde. Praimari ina mizunguko 80, sekondari 10, na praimari inasoma milihenri 1. Ukihesabu hasara, kinachoingia ni kama wati 15, kwa hiyo kila pigo libebe maikrojuli 231:

```
E = P / f = 15 / 65000 = 231 µJ
E = ½ × L × I²  →  I = 0.68 A
```

Mkondo unafika 0.68A ndani ya maikrosekunde 2 tu, halafu chipu inakata.

Sasa hatua.

1. Chomoa, kisha toa chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya kilo-om 10 ya wati 5. Pima kuhakikisha haijabaki. Bisibisi si kifaa cha kazi hii.

2. Pima daiodi ya pato na kapasita zake. Zikiwa zimekufa badilisha, jaribu tena, na mara nyingi kazi inaishia hapo.

3. Vikiwa vizima, chomoa transfoma upime milihenri za praimari; zikiwa 10 au 12, pengo halipo, nenda hatua ya 5. Kama uzi wa praimari umekatika, pasha kiini moto taratibu ili gundi ilegee, kisha ukivute kwa mkono. Ukikilazimisha kitapasuka.

4. Suka upya. Hesabu mizunguko wakati unafungua, andika ulianzia pini gani na ulizungushia upande upi. Sekondari ukiigeuza haitasubiri mosfeti ikate, itapokea moja kwa moja: 325 gawa kwa 8 ni kama 40V kwenye kapasita ya 16V. Itapasuka.

5. Kurudisha kiini. Hapa ndipo nilipoungua.

Kiini kilipasuka mikononi mwangu, nikachukua nusu nyingine kutoka transfoma iliyokufa yenye umbo lile lile. Sikujua kwamba nusu iliyopasuka ndiyo iliyokuwa imechongwa mguu wa kati kuacha pengo la milimita 0.4 hivi. Nikafunga nusu mbili bapa, zikagusana kila mahali. Nikawasha: 12V safi. Nikaweka king'amuzi: ti ti ti, voti zikashuka. Nikajiaminisha kwamba ile rezista ndogo ya kupimia mkondo imekuwa kubwa, nikaweka ndogo zaidi. Mosfeti ikapasuka ikaenda na fyuzi na chipu.

Kosa lilikuwa hili. Bila pengo, praimari ile ile inapanda hadi milihenri 12 hivi, na mtu anaona "imekuwa nzuri zaidi". Lakini kiini kinajaa kwenye mkondo wa 0.1A tu, na akiba yake pale ni maikrojuli 60 au hivi. Inayotakiwa ni 231. Baada ya hapo feraiti imeshiba, koili inabaki kama waya mtupu, na mkondo unaruka. Chipu inaona mkondo mkubwa inakata mapema, ndiyo maana mzigo unaiangusha. Ukilegeza ulinzi huo kama nilivyofanya mimi, unaipeleka mosfeti machinjoni. Chenye pengo la 0.4 kinafika 1.25A kabla ya kushiba, na akiba yake ni zaidi ya maikrojuli 700.

Ukikosa nusu iliyochongwa, weka karatasi kati ya nusu mbili, lakini ni milimita 0.2, si 0.4, kwa sababu mkondo wa sumaku unavuka karatasi mara mbili, mguu wa kati na miguu ya pembeni. Karatasi ya fotokopi ni karibu 0.1, kwa hiyo vipande viwili. Pima tena: ukiona karibu milihenri 1 (sekondari ikiwa wazi), funga. Ukiona 10 au 12, usiwashe.

6. Washa kwanza kupitia balbu ya mfululizo ya wati 60. Ikimeremeta na kubaki inang'aa, zima.

MASWALI

Chuno_Umeme: Boss, mimi yangu inalia ti ti ti, niweke fyuzi kubwa?

Mwandishi: Hapana. Soma hatua ya 5.

Chuno_Umeme: Nimesoma, ila fyuzi je?

Mwandishi: Fyuzi hailii, kaka. Inayolia ni chipu inayojilinda. Pima milihenri.

Binti wa Lindi: Shikamoo fundi. Nina swali la mwanafunzi. Kwa nini akiba iko kwenye pengo na si kwenye feraiti, wakati hewa haishiki sumaku?

Mwandishi: Marahaba, swali zuri sana hili. Fikiria manati. Uma wa mti ni mgumu, haunyumbuki, kwa hiyo hauweki nguvu. Anayebeba nguvu ni mpira. Feraiti ni uma, inapitisha sumaku bila kutaka nguvu nyingi, na hewa ndiyo mpira, inadai nguvu kupitisha sumaku ile ile, na kinachodaiwa ndicho kinachorudi ukiachia. Bila mpira huna manati. Lakini ukiongeza pengo kupita kiasi, milihenri zinashuka na mkondo unahitajika zaidi, kwa hiyo usizidishe karatasi.

Binti wa Lindi: Na 12V inatoka wapi, kama si kugawa kwa 8?

Mwandishi: Uwiano wa mizunguko peke yake hauamui. Chipu inaamua mosfeti ikae wazi muda gani, na inapata habari kutoka pato kupitia TL431 na optokapla. Ukipima bila mzigo na ukiwa na mzigo, muda huo unabadilika, voti hazibadiliki. Uwiano kazi yake ni nyingine: wakati wa kumwaga akiba, praimari inaona 12.7V mara 8, kama 102V, juu ya 325V. Jumla 427, na juu yake kuna mruko wa voti kutoka kwenye uvujaji wa koili. Ndiyo maana mosfeti ni ya 600V au 650V, na ndiyo kazi ya ile daiodi na rezista na kapasita zilizo jirani ya praimari. Usizitoe.

Mzee wa Dagaa: Mimi nimeweka kapasita ya kawaida mahali pa ile ya bluu iliyovuka kati ya pande mbili. Nikigusa TV inanitekenya kidole.

Mwandishi: Mzee wangu, zima kabisa. Ile ya bluu ni ya daraja la Y, na ndiyo kiungo pekee kinachoruhusiwa kuvuka pamoja na optokapla na transfoma yenyewe. Ya nanofaradi 2.2 inavujisha takriban milliampia 0.16, ndiyo unayoihisi hata ikiwa nzima. Lakini ya kawaida ikifa, inaweza kufa ikiwa imeunganika, na 230V inafika kwenye antena ya chuma. Iweke ya Y au iache tundu tupu, adapta itafanya kazi ila redio itapiga kelele.

Mikindani_Spea: Ongeza na hili: hapa pwani chumvi inajaza nafasi ya ubao kati ya praimari na sekondari, ikapatikana njia ya umeme juu ya ubao.

Mwandishi: Kweli kabisa. Sugua kwa spiriti na mswaki, kausha, kisha pima kwa mega ya 500V baina ya pini za plagi zilizounganishwa na pato la 12V. Mimi nisipopata megaomu kadhaa, nasugua tena.