Kuchagua Mkato wa Nywele Nene na Nyoofu: Uso wa Duara na Uso wa Yai

Somo hili linahusu aina moja tu ya nywele, yaani zile zilizo nene na zilizonyooka. Nimezichagua kwa sababu hazifichi kosa. Nywele za mawimbi zikikatwa vibaya hujikunja na kulifunika kosa, lakini nywele nyoofu hulala chini zikafuata mstari wa mkasi ulivyopita, na zikiwa nene mstari huo hujaa na kutokeza kando ya uso kama ukingo wa bakuli. Ukingo huo nitauita mstari wa uzito, na somo zima linamhusu yeye anayetaka kujua ukae wapi.

Hatua ya kwanza: kupima uso

Watu wengi huamua shepu ya uso wao kwa kujitazama kwenye kioo, kisha hukosea, kwa sababu jicho hufuata unene wa mashavu badala ya kufuata vipimo. Bana nywele zote nyuma hadi mstari wa paji uonekane, halafu mwombe mtu akupige picha akiwa umbali wa mita moja na nusu hivi, kamera ikiwa sawa na usawa wa macho yako. Usijipige mwenyewe kwa mkono, kwa kuwa kamera ikiwa karibu sana hukuza pua na kuufanya uso uonekane mwembamba kuliko ulivyo. Kisha weka rula juu ya picha hiyo. Pima urefu kutoka nywele zinapoanzia hadi ncha ya kidevu, pima upana kwenye mifupa ya mashavu, na ugawanye urefu kwa upana.

Uso wa yai hutoa jibu lililo karibu na 1.5, paji lake ni pana kidogo kuliko taya, na taya hupungua taratibu kuelekea kidevuni. Uso wa duara hutoa jibu lililo karibu na 1, sehemu yake pana zaidi ni mashavu, na taya yake imepinda bila kona. Sharti hilo la kona ni la lazima, kwani uso mfupi wenye taya iliyokatika kwa pembe ni uso wa mraba, na huo hauhusiki na somo hili.

Hatua ya pili: kupima nywele

Neno «nene» huchanganya mambo mawili: unywele mmoja mmoja kuwa mnene, na nywele kuwa nyingi kichwani. Kinachotuhusu zaidi hapa ni wingi. Bana nywele nyuma kwa mpira mmoja, zungusha utepe wa fundi cherehani kwenye shina la mkia huo, na ukipata sentimita 10 au zaidi, nywele zako ni nyingi na maelezo yanayofuata yanakuhusu. Angalia pia kama kwenye mstari wa paji kuna mahali nywele zinaposimama zenyewe kuelekea juu, maana tutaparudia.

Hatua ya tatu: kuuweka mstari wa uzito

Nitaeleza kwa kisa cha dada wawili niliowahudumia siku moja. Walikuwa na nywele za kufanana kabisa, nyoofu, zinazofika katikati ya mgongo, na mkia wa kila mmoja ulizunguka sentimita 11. Wote wawili walitaka bobu iliyokatwa sawasawa, inayoishia kidevuni. Kwenye picha, uso wa mkubwa ulikuwa na urefu wa sentimita 9.2 na upana wa 8.4, yaani 1.1 hivi, uso wa mdogo ulikuwa na urefu wa 9.6 na upana wa 6.5, yaani karibu 1.5. Mkubwa alikuwa wa duara na mdogo wa yai.

Kabla ya kushika mkasi nilizikunja nywele za kila mmoja kwa ndani hadi zikaishia kidevuni, nikazishika kwa klipu, nikawaacha wajitazame. Jaribio hili halina gharama yoyote, nami namsihi kila mtu alifanye kabla ya kukata. Kwa mdogo, ujazo uliotokeza pande mbili uliongeza upana mahali ambapo uso wake ulikuwa mwembamba, na uso ukaonekana umejaa vizuri. Kwa mkubwa, ujazo uleule ulikaa kando ya mashavu, penye upana wote wa uso, ukauzidisha. Tena ulikatika palepale taya inapopinda, hivyo ukachora duara la pili nje ya lile la kwanza. Mwenyewe aliliona kabla sijasema neno.

Basi mdogo nilimkatia bobu aliyoitaka, sentimita 1 chini ya kidevu, kwa kuwa nywele nyoofu zikikauka hupanda kidogo na nilitaka zitue kidevuni zikiwa kavu. Mkubwa nilimshushia mstari hadi sentimita 7 chini ya kidevu, karibu na mifupa ya mabega, na sehemu ya mbele nikaiacha ndefu kuliko ya kisogoni kwa sentimita 3. Urefu huo hushusha jicho la mtazamaji kupita mashavu, na ule mteremko wa mbele huweka mistari miwili ya wima inayofunika kingo za uso. Leya fupi zaidi niliianzisha chini ya kidevu. Hapa ndipo wengi hukosea: husikia kwamba uso wa duara unahitaji leya, wakaianzisha shavuni, na nywele nene zikikatwa shavuni hufumuka shavuni.

Uso wa yai una hatari yake pia, ingawa husemwa kwamba hukubali kila mkato. Nywele nene zikiachwa ndefu sana bila leya yoyote, uzito wake huvuta utosi ukalala bapa, ujazo wote hushukia chini, na uso ambao tayari ni mrefu huonekana mrefu zaidi. Mwenye uso huo akitaka kubaki na urefu, leya yake ya kwanza inaweza kuanzia usawa wa mfupa wa shavu au midomo, mahali palepale ambapo mwenye uso wa duara anapaswa kupaepuka.

Hatua ya nne: kupunguza unene

Mstari ukishakaa mahali pake, nywele nene bado huhitaji kupunguzwa, na mkasi wa meno ndio unaoharibu kazi nyingi kuliko chombo kingine chochote. Ukitumika karibu na mzizi huacha vinywele vifupi vigumu ambavyo, vikianza kukua, husimama na kuzisukuma nywele ndefu nje. Siku ya kukata kichwa huonekana chepesi. Baada ya wiki chache huwa kimevimba kuliko mwanzo. Mwambie msusi wako apunguze kuanzia katikati ya urefu kwenda chini, tena kwa tabaka za ndani tu, akiliacha tabaka la juu lifunike.

Ncha nazo zikatwe kwa mkasi uliosimama wima, ukiingia kidogo kidogo ndani ya nywele, wala si kwa kuulaza. Leya zilizokatwa kwa mkasi uliolala huonekana kwenye nywele nyoofu kama ngazi, na ngazi hizo haziondoki kwa kuchana.

Hatua ya tano: njia na nywele za mbele

Kwa uso wa duara, njia ipasuliwe sentimita 3 au 4 kando ya katikati, kwani njia ya katikati huugawa uso nusu mbili zinazolingana na duara hubaki bayana, ilhali njia ya kando huinua utosi upande mmoja na kuongeza urefu. Nywele za mbele zikatwe kwa mshazari, ncha zake zikishuka chini ya mfupa wa shavu. Zikikatwa sawasawa juu ya nyusi, paji hufunikwa, urefu wa uso hupungua, na upana hubaki peke yake. Uso wa yai huvumilia mkato huo wa nyusi vizuri, hasa kama paji ni refu. Hata hivyo, kama nywele zako za mbele husimama zenyewe, kama tulivyoangalia katika hatua ya pili, mkato mfupi wa mbele usiuchague kwa uso wowote; hugawanyika kila asubuhi hata ukizikausha kwa draya.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimepima na kupata 1.25. Mimi ni wa duara au wa yai?

Jibu: Uko katikati, na kipimo peke yake hakitakuamulia. Tazama mahali penye upana zaidi. Kama ni mashavu na taya yako imepinda, fuata maelekezo ya uso wa duara kuhusu mstari wa uzito, lakini huhitaji kuushusha sana; sentimita 3 au 4 chini ya kidevu zinatosha. Kama paji na mashavu vinakaribia kulingana na taya hupungua taratibu, jihesabu wa yai.

Swali: Shikamoo mwalimu. Uso wangu ni wa duara na tayari nimekatwa bobu ya kidevuni, iliyonyooka kabisa. Nifanye nini wakati nasubiri ziote?

Jibu: Marahaba. Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo utahitaji miezi sita au saba kufika mabegani. Kwa sasa hamisha njia kando, na umwombe msusi afupishe kisogoni kwa sentimita 2 au 3 bila kugusa mbele. Mteremko utapatikana mara moja, na ujazo utahama kutoka mashavuni kwenda nyuma ya kichwa. Unapokausha, inua mizizi ya utosi kwa brashi, na pande zilaze kwa kupuliza draya kutoka juu kwenda chini.

Swali: Wiki tatu baada ya kukatwa, nywele zangu zimevimba juu ya masikio na ukizigusa kuna vinywele vinavyochoma. Je, nirudi zikapunguzwe tena?

Jibu: Hapana, tafadhali usirudie. Hayo ndiyo matokeo ya mkasi wa meno kupita karibu na mzizi, na ukipunguza tena utaongeza vinywele vingine vya aina hiyo. Viache virefuke hadi viwe na uzito wa kulala, ambayo huchukua miezi kadhaa. Katika muda huo kata ncha tu, na uziache nywele za juu ziwe ndefu zaidi ili zivikandamize.

Swali: Je, sisi wanaume wenye nywele hizi na uso wa duara tunafuata kanuni hiyohiyo?

Jibu: Kanuni ni ileile, ila mstari wenu wa uzito uko juu ya masikio. Nywele nene na nyoofu zikiwa na urefu wa sentimita 2 hadi 4 pembeni hazina uzito wa kulala, kwa hiyo husimama kando na kuupanua uso. Pembeni zikatwe chini ya sentimita 1, na juu ziachwe sentimita 5 hadi 7, zikielekezwa juu au kando. Mwenye uso wa yai asiache tofauti kubwa kiasi hicho: sentimita 3 au 4 juu zinamtosha, kwa kuwa uso wake hauhitaji kurefushwa.