Somo: Nyutroni milioni 2.2 kwa sekunde, kwa njia tatu

Habari zenu wote. Wengi mmekuwa mkiuliza chanzo kipi cha nyutroni ni bora kwa maabara: amerisiamu-beriliamu, kalifoniamu-252 au antimoni-beriliamu. Swali hilo halijibiki mpaka kwanza uviweke vyote vitatu kwenye idadi moja ya nyutroni. Ukishafanya hivyo, tofauti zake zinajitokeza zenyewe. Tutumie milioni 2.2 kwa sekunde, kiasi cha kawaida kwenye chanzo cha kufundishia.

Hatua ya 1: Tafuta mnururisho unaohitajika

Anza na amerisiamu-beriliamu. Amerisiamu-241 inatoa chembe za alfa zenye MeV 5.5 hivi. Alfa ikigonga kiini cha beriliamu-9, inabaki kaboni-12 na nyutroni moja inatoka. Lakini alfa nyingi zinapoteza nishati yake njiani bila kugonga kiini chochote. Katika kila alfa milioni moja, takribani 60 tu ndizo zinazozaa nyutroni. Kwa hiyo unahitaji GBq 37:

```
37e9 × 60e-6 ≈ 2.2e6 nyutroni/s
```

Kalifoniamu-252 haihitaji mshirika. Asilimia 97 ya viini vyake hutoa alfa, na asilimia 3.09 hujipasua vyenyewe, kila mpasuko ukitoa wastani wa nyutroni 3.76. Mikrogramu moja, yaani takribani MBq 20, inatosha:

```
20e6 × 0.0309 × 3.76 ≈ 2.3e6 nyutroni/s
```

Linganisheni: GBq 37 kwa MBq 20. Mnururisho umepungua karibu mara elfu mbili, nyutroni ni zilezile.

Antimoni-124 inafanya kazi kwa gama. Gama yenye MeV 1.691 inaing'oa nyutroni kutoka kwenye beriliamu, ambayo inahitaji angalau MeV 1.665. Ni gama chache sana zinazofanikiwa, kutegemea unene wa beriliamu iliyoizunguka. Kwa umbo la kawaida unahitaji GBq 100 hivi.

Hatua ya 2: Tazama nishati zinavyotawanyika

Hapa ndipo panapostahili muda wako.

Nyutroni za amerisiamu-beriliamu zinasambaa kuanzia karibu na sifuri hadi MeV 11, wastani ukiwa MeV 4.2. Kuna sababu mbili. Ya kwanza, alfa zinagonga beriliamu zikiwa katika hatua mbalimbali za kupunguza mwendo. Ya pili, kaboni inayobaki inaweza kuwa imetulia, au ikabaki imesisimka kwa MeV 4.44. Ikisisimka, kiasi hicho kinakatwa kwenye nishati ya nyutroni, kisha kinatoka kama gama. Ndiyo maana mchoro wa wigo wake una vilima kadhaa badala ya kilima kimoja.

Wigo wa kalifoniamu ni laini, una kilima kimoja karibu na MeV 0.7, kisha unashuka polepole. Wastani ni MeV 2.1. Unafuata kanuni hii kwa ukaribu mzuri:

```
N(E) ~ sqrt(E) * exp(-E/1.42)     # E kwa MeV
```

Unafanana sana na wigo wa mpasuko wa urani ndani ya tanuri la nyuklia, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuuchagua unapopima vifaa vitakavyotumika huko.

Antimoni-beriliamu ni jambo jingine kabisa. Gama ina nishati moja, kwa hiyo nyutroni nazo zina nishati karibu moja. Ziada ya gama ni keV 26, nyutroni inachukua sehemu nane kati ya tisa, yaani keV 23. Kulingana na pembe inayotokea, inapanda au kushuka kwa keV 1.3 hivi tu.

Hatua ya 3: Pima kinachoambatana na nyutroni

Kwa umbali wa mita 1 bila kinga, nyutroni za amerisiamu-beriliamu au za kalifoniamu kwa idadi yetu zinatoa dozi ya takribani mikrosiveti 25 kwa saa. Gama ya antimoni ya GBq 100 kwa umbali huohuo inazidi milisiveti 20 kwa saa, yaani karibu mara elfu. Hili peke yake linaiondoa antimoni kwenye chumba cha kufundishia. Mimi naiona inafaa mahali penye tanuri la utafiti tu, ambako pia inaweza kurudishwa tanurini ikapata nguvu upya.

Hatua ya 4: Soma tarehe kwenye cheti

Nusu-maisha ya amerisiamu ni miaka 432, ya kalifoniamu ni miaka 2.645, ya antimoni ni siku 60. Baada ya miaka 5 amerisiamu imepoteza chini ya asilimia 1, kalifoniamu imebaki na asilimia 27. Antimoni baada ya mwaka mmoja imebaki na asilimia 1.5.

Siku moja tulikuwa tunapima kwa bomba la heliamu-3 lililovishwa plastiki, na hesabu ikaja theluthi ya tulichotarajia. Tulibadilisha kebo, tukapandisha volti, tukashuku bomba lenyewe limeisha. Jioni mwenzetu mmoja akachukua cheti cha kalifoniamu na kusoma tarehe: miaka 4 na miezi 3 ilikuwa imepita.

```
0.5 ** (4.25/2.645) = 0.33
```

Bomba lilikuwa zima tangu asubuhi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tuna vyanzo viwili vya amerisiamu-beriliamu vyenye GBq sawa, lakini kimoja kinatoa nyutroni zaidi. Kuna kasoro?*

Si lazima. Ni mchanganyiko wa unga. Punje za oksidi ya amerisiamu zikiwa kubwa, alfa inachoka ndani ya punje yake kabla ya kuifikia beriliamu. Hivyo usikokotoe nyutroni kutoka kwenye GBq pale unapotaka usahihi. Tumia cheti cha utoaji. Maabara za viwango hukipata kwa kuzamisha chanzo katika maji ya salfeti ya manganizi na kupima manganizi-56 inayozaliwa.

*Ndugu, mimi nipo kwenye ujenzi wa barabara. Kipimo chetu cha unyevu kina amerisiamu-beriliamu ya GBq 1.5. Kutawanyika huko kwa nishati hakuharibu usomaji?*

Hakuharibu. Kinatoa nyutroni elfu 90 hivi kwa sekunde, na kigunduzi chake kinahesabu zile zilizopunguzwa mwendo na hidrojeni ya maji udongoni. Iwe nyutroni ilianza na MeV 2 au MeV 6, kipimo kilikalibriwa kwa wigo huohuo. Kinachokudanganya ni hidrojeni isiyo ya maji, mfano lami. Udongo wenye mabaki ya lami utasomeka una maji mengi kuliko uliyoyakuta kwa kukausha sampuli kwenye oveni.

*Shikamoo mwalimu. Tukisema antimoni-beriliamu ina nishati moja, ni kweli kabisa?*

Marahaba. Karibu, si kabisa. Antimoni-124 ina gama nyingine ya MeV 2.09, chache kuliko ile kuu. Nayo inang'oa nyutroni, za keV 378 hivi, ambazo ni takribani asilimia 3 ya zote. Ukiwa unapima kitu kinachoitikia zaidi nyutroni za kasi, hizo chache zitaonekana kubwa kuliko idadi yake, kwa hiyo ziweke kwenye hesabu yako tangu mwanzo.