Kutafsiri sura ya erthi katika mwongozo wa mnara wa redio

Kosa la tafsiri katika sura ya erthi, yaani njia ya kupeleka umeme wa radi chini, halionekani mpaka radi ipige. Hatua hizi ni za anayetafsiri mwongozo wa Kimarekani kwa mafundi wa Lamu.

1. Tenganisha maana za "graundi". Kiingereza hulitumia neno hilo kwa udongo wa kiwanja, kwa usawa wa kupimia urefu wa mnara, na kwa njia ya kupeleka umeme wa radi chini. Pitia sura nzima na uandike pembeni kila moja ni ipi. Ya kwanza iwe "udongo", ya pili "usawa wa chini", ya tatu "erthi", kama wasemavyo mafundi. Ukiweka "ardhi" kotekote, "unganisha mnara na ardhi" itasomeka kama kazi ya zege na boliti.

2. Fuata njia ya umeme, kisha andika. Mwongozo ukitaka erthi ya mnara na ya jengo ziungane, usiandike "kila upande uwe na erthi". Andika: "Vuta waya mtupu wa shaba kutoka rodi za mnara zilizopigiliwa udongoni hadi rodi ya jengo, ziwe erthi moja." Radi ikipiga, volteji ya mnara hupanda ghafla kuliko ya jengo. Erthi zikiwa mbalimbali, umeme hupitia wavu wa shaba ulio ndani ya ganda la kebo ya antena, na wavu huo unaishia kwenye transmita. Ndiyo maana wavu nao hufungwa kwenye erthi mahali 3: juu karibu na antena, chini kabla kebo haijauacha mnara, na inapoingia jengoni. Kila mahali pape sentensi yake, kwa kuwa fundi aliye juu ya mnara husoma kipande kimoja tu.

3. Geuza vipimo. Rodi ya futi 8 yenye unene wa inchi 5/8 ni mita 2.4 kwa milimita 16. Waya ndio mtego. Namba 6 ya Kimarekani ni takriban milimita 13 za mraba, kwa hiyo andika 16, saizi inayofuata dukani. Ukiacha "6" peke yake, fundi atanunua waya wa milimita 6 za mraba, usiofika hata nusu ya unaotakiwa.

4. Maelezo ya hapa yaweke chini ya ukurasa. Mchanga mkavu wa kijiji cha Shela haupitishi umeme vizuri kama udongo wenye unyevu. Hata hivyo, mwongozo ukisema ukinzani wa erthi uwe omu 10, usiibadilishe. Ongeza tanbihi kwamba huenda rodi zaidi zikahitajika, na kwamba mita ya erthi ndiyo itakayoamua.

5. Mpe fundi asome, kisha achore. Asione picha za mwongozo. Akichora rodi za mnara na ya jengo bila waya kati yake, irudie sentensi ya hatua ya 2, hata kama Kiswahili chake ni fasaha.