Jinsi ya kuandika waraka wa msimamo wa usuluhishi: kila udhaifu na bei yake

Nyaraka nyingi za usuluhishi ninazopokea kutoka upande wa pili ni hati ya madai iliyobadilishwa kichwa cha habari. Kurasa kumi na mbili za "mdaiwa alivunja mkataba kwa makusudi", kisha mwisho kabisa: "tuko tayari kwa mazungumzo." Msuluhishi hana la kufanya na waraka kama huo. Yeye hatoi hukumu. Anachotafuta ni kujua fedha gani zinabishaniwa kweli na kwa nini.

Nitatumia mfano wa kubuni, ila unafanana na mafaili mengi ya Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu. Muuzaji wa mabati wa Dar es Salaam alimpelekea mkandarasi wa Dodoma mabati ya shilingi milioni 480, kwa awamu tatu. Amelipwa milioni 200, anadai 280. Mkandarasi anajibu kwamba awamu ya tatu ilikuwa geji 30, yaani bati jembamba zaidi, badala ya geji 28 iliyoagizwa, na kwamba mzigo ulichelewa siku 19, hivyo mwenye mradi akamkata milioni 45. Sisi ni mawakili wa muuzaji.

Hatua ya 1: Amua nani atasoma nini

Andika nyaraka mbili. Wa kwanza, wa kurasa nne au tano, unakwenda kwa msuluhishi na kwa upande wa pili. Wa pili, wa kurasa mbili, ni wa msuluhishi peke yake, na ndiyo unaobeba udhaifu wako wote na kiwango chako cha fedha. Zote mbili ziandikwe juu kabisa kuwa ni za siri, kwa ajili ya usuluhishi tu, na zimetolewa bila kuathiri haki za mteja. Katika ule wa pili sema pia waziwazi ni aya zipi msuluhishi anaruhusiwa kumgusia mwenzako. Usipomwambia, ataogopa kuzitumia hata pale ambapo zingekusaidia.

Hatua ya 2: Nguvu, lakini zile zenye karatasi

Chagua tatu, usizidishe. Kwa muuzaji wetu ya kwanza ni hati za kupokelea mzigo: zote tatu zimesainiwa na mtunza stoo wa mkandarasi bila neno la pingamizi. Ya pili ni ujumbe wa barua pepe wa mhasibu wao: "salio tunalitambua, tutamalizia tukilipwa na mwenye mradi." Ya tatu ni muda. Malalamiko ya geji yalikuja miezi mitano baada ya mzigo kupokelewa, wiki moja baada ya barua yetu ya madai, na wakati huo mabati yalikuwa yameshapigiliwa juu ya paa. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi anayekaa na bidhaa kupita muda wa kuridhisha bila kuikataa huhesabiwa kuwa ameikubali.

Sema hivyo kwa sentensi chache, ambatisha karatasi, endelea. Msuluhishi mzoefu hahitaji nukuu za kesi ishirini.

Hatua ya 3: Udhaifu, na bei ya kila mmoja

Hapa ndipo kazi ilipo. Wateja hupenda kusikia "hana hoja", na wakili hujikuta anaandika hivyo hivyo. Mimi humkalisha mteja na kumuuliza swali moja: jaji akimwamini mwenzako kwenye hoja hii, utapoteza shilingi ngapi?

Tuanze na geji. Kukubali bidhaa kunamzuia mnunuzi kuirudisha, lakini hakumnyimi punguzo la bei ikiwa kilicholetwa kina upungufu. Mkandarasi ana picha za maikromita kwenye ukingo wa bati. Tunaweza kubisha kipimo hicho: bati la rangi lina tabaka la rangi na zinki, na ukipima juu ya rangi unapata namba isiyo ya chuma. Ubaya ni kwamba rangi huongeza unene, haiupunguzi. Ubishi wetu unamsaidia yeye! Tena namba ya bechi iliyochapwa mgongoni mwa bati haifanani na ile ya awamu mbili za kwanza. Awamu hiyo ilikuwa ya milioni 120, na tofauti ya bei ya geji hizo mbili kwenye ankara za mteja wetu ni asilimia 20. Bei ya udhaifu huu ni milioni 24. Akidai pia gharama ya kubadilisha sehemu ya paa, ongeza milioni 30, ingawa hiyo ina ushahidi dhaifu.

Kuhusu kuchelewa, kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinafidia hasara ambayo pande zote zilijua, wakati wa kufunga mkataba, kuwa ingeweza kutokea. Ningependa kusema hatukujua kuhusu makato. Lakini oda ya ununuzi imetaja jina la mradi na tarehe ya kukabidhi jengo. Kwa upande mwingine, si siku zote 19 ni kosa letu. Eneo la kushushia mzigo halikuwa tayari kwa siku kadhaa. Bei: kati ya sifuri na milioni 45, na mimi naweka 20.

Hatua ya 4: Geuza bei hizo kuwa kiwango

Andika matokeo matatu ya kesi na uwezekano wa kila moja:

- Tunashinda kila kitu: 280, uwezekano asilimia 30.
- Geji na sehemu ya ucheleweshaji vinakatwa: 280 – 24 – 20 = 236, asilimia 50.
- Kila kitu chao kinakubaliwa: 280 – 24 – 45 – 30 = 181, asilimia 20.

Zidisha, jumlisha: 84 + 118 + 36, yaani takriban milioni 238. Asilimia hizo ni makadirio ya wakili, si sayansi, na mteja lazima aambiwe hivyo. Zijaribu kwa kuzisogeza: ukiona asilimia kumi zinahamisha jibu sana, rudi hatua ya 3 ukaangalie hoja inayoleta mtikisiko huo.

Sasa toa gharama ambazo ushindi haurudishi. Mawakili, mtaalamu wa vyuma na safari za mashahidi wa Dodoma tumekadiria 25. Kisha muda. Mteja anaendesha biashara kwa mkopo wa benki, wakati riba ya kisheria juu ya hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu, isipokuwa pande zimekubaliana kiwango kingine kisichozidi 12. Pengo la miaka miwili tumelikadiria 20. Kinachobaki ni 193. Chini ya hapo, mteja ni bora aende kwenye kesi.

Fanya hesabu hiyo hiyo ukiwa umekaa kiti cha mkandarasi. Naye anatarajia kulipa karibu 238, na juu yake gharama zake, tuseme 25: 263. Juu ya hapo hatasaini. Kwa hiyo nafasi ya makubaliano ni 193 hadi 263, na kiwango halisi ninachomwandikia msuluhishi ni 215 hadi 240. Sakafu ya 193 siiandiki popote, hata kwenye waraka wa siri. Anaijua mteja na mimi.

Hatua ya 5: Tarehe za malipo ni sehemu ya bei

Mkandarasi anasubiri fedha za mwenye mradi. Milioni 240 kwa awamu nane zisizo na dhamana zinaweza kuwa na thamani ndogo kuliko 215 ndani ya siku 30. Weka chaguo zote mbili kwenye waraka wa siri. Kwa awamu, omba dhamana ya benki au dhamana binafsi ya wakurugenzi, pamoja na sharti kwamba awamu moja ikikosekana salio lote linadaiwa mara moja. Hati ya maridhiano ikisajiliwa mahakamani inakuwa hukumu, na unaweza kuomba ikaziwe bila kuanza kesi upya.

Hatua ya 6: Aya ya mwisho

Vikao vingi huvunjika saa kumi jioni kwa sababu aliyekuja "lazima ampigie bosi", na bosi yuko safarini. Nyaraka zangu humalizika hivi:

"Upande wa mdai utawakilishwa na mkurugenzi mtendaji, mwenye azimio la bodi linalompa mamlaka ya kumaliza shauri hili siku hiyo hiyo. Tunaomba upande wa mdaiwa uthibitishe, kabla ya kikao, jina la mwenye mamlaka kama hayo."